Ukaushaji wa Mbao na Sababu za Kupinda na Kupasuka Kwake

Goziba ni kisiwa cha wavuvi kilicho ndani ya Ziwa Viktoria, katika Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Katika visiwa kama hicho kukausha ni kazi ya kila siku. Dagaa huvuliwa usiku, huanikwa asubuhi, na jua likiwa kali huweza kuwa tayari jioni. Mbao mbichi za kuundia mtumbwi nazo, zikishushwa pwani, ni rahisi kutandazwa juu ya mchanga ule ule ili jua lifanye kazi yake. Kiswahili hutumia neno moja, kukauka, kwa dagaa, kwa nguo na kwa mbao, na pengine umoja huo wa neno ndio umshawishio mtu kudhani kwamba jambo lenyewe ni moja. Walakini ubao uliokaushwa kwa namna ya dagaa hupinda au hupasuka, na ubao uliopasuka ukiwa ubavuni mwa mtumbwi huingiza maji mbali na nchi kavu.

Mti ni mfano wa matete membamba mno yaliyofungwa pamoja, yakisimama kutoka mizizini hadi matawini. Maji yake hukaa mahali pawili: mengine katika uwazi wa matete hayo, mengine yamenywewa na kuta zake. Mti ukatwapo, maji ya katika uwazi ndiyo yatokayo kwanza, na ubao huwa mwepesi bila kubadilika ukubwa. Kisha kuta nazo huanza kupoteza maji, na hapo ndipo ubao unapoanza kunywea. Kwa miti mingi mpaka huo ni unyevu wa karibu 30 kwa mia. Ndiyo sababu ubao huweza kukaa majuma kadhaa ukionekana umenyooka, kisha ukapinda ghafula, na fundi akalaumu mvua ya juzi.

Unyevu huo hupimwa kwa mizani. Kipande hukatwa ndani ya ubao, si nchani, kwa kuwa ncha hukauka mapema na zingempa mpimaji habari ya uongo. Kikiwa na uzito wa gramu 500, hutiwa katika joko lenye joto la digrii 103 za Selsiasi mpaka uzito wake ukome kupungua. Ikiwa umebaki gramu 400, maji yaliyotoka ni gramu 100, na hizo hugawanywa kwa uzito wa mti mkavu, yaani 400, si 500. Jawabu ni 25 kwa mia. Kwa hesabu hiyo mti mbichi huweza kuwa na maji zaidi ya 100 kwa mia, jambo ambalo humshangaza mwanafunzi kila mara.

Lau ubao ungenywea sawasawa pande zote, shida isingekuwa kubwa. Ungekuwa mdogo tu. Lakini nyuzi ndogo zilizomo katika kuta za yale matete zimelala karibu sambamba na urefu wa mti. Maji hukaa kati ya nyuzi hizo na kuzitenga. Yatokapo, nyuzi husogeleana kwa ubavu, wala hazifupiki. Kwa hiyo ubao wa urefu wa mita 4 hupungua milimita chache tu kwa urefu. Kwa upana mambo ni mengine, nako kuna njia mbili. Kutoka moyo wa mti kuelekea gome, ipo mishipa inayolala kama mataruma ya chombo na kuzuia kunywea. Kuzunguka moyo, kufuata duara za mti, kizuizi hicho hakipo. Basi miti mingi hunywea kwa kufuata duara karibu mara mbili ya inavyonywea kuelekea moyo. Mvule husifiwa na maseremala kwa kuwa kunywea kwake ni kudogo na tofauti ya njia hizo mbili si kubwa. Mikaratusi mingi ni kinyume chake.

Tofauti hiyo ndiyo asili ya maovu karibu yote. Gogo zima likiachwa likauke, mzunguko wake hutaka kupungua kuliko moyo unavyoruhusu, nao hupasuka kwa ufa mpana kwenye gome na mwembamba moyoni. Ubao uliopasuliwa ubavuni mwa gogo una uso mmoja uliokuwa upande wa gome na mwingine uliokuwa upande wa moyo. Uso wa gome hufuata duara zaidi, kwa hiyo hunywea zaidi, na ubao hukunjika kama mfereji wenye uwazi upande wa gome. Ukitazama ncha ya ubao utaona duara zake. Jinsi zinavyotaka kunyooka, ndivyo ubao utakavyopinda.

Sasa na ichukuliwe kwamba ubao mbichi wa namna hiyo, upana wake sentimita 30, umelazwa mchangani juani, na kwamba mti wake hunywea 8 kwa mia kwa kufuata duara tangu unyevu wa 30 mpaka ukavu kamili. Uso wa juu hupigwa na jua na upepo wa ziwa, ilhali uso wa chini umegusa mchanga wenye maji. Ngozi ya juu hushuka chini ya 30 kwa mia na kutaka kunywea, lakini tumbo bado limejaa maji na halikubali. Ngozi huvutwa hadi ikachanika vijiufa vidogo. Nchani ni vibaya zaidi, kwa sababu maji hutoka upesi zaidi kwa kufuata matete kuliko kuyakata. Fundi akiunyoosha kwa nguvu na kuupigilia misumari kingo zote mbili, kosa limetimia. Ubao huo ukifika unyevu wa 15 kwa mia utakuwa umepungua 4 kwa mia, yaani sentimita 1.2. Misumari haisogei, basi ubao hupasuka katikati, au kiungo hufunguka na kutema kalafati yake ya pamba.

Kinga yake ni kivuli na subira. Ncha hupakwa rangi ya mafuta au lami siku ile ile ya kupasuliwa. Mbao hupangwa chini ya paa, zimeinuliwa kama nusu mita kutoka ardhini, na kati ya safu na safu huwekwa vijiti vikavu vya unene wa sentimita 2.5, kila baada ya nusu mita. Vijiti hivyo sharti vifuatane wima, kijiti juu ya kijiti. Vikipishana, uzito wa juu hupindisha mbao za chini. Juu kabisa huwekwa mawe. Ubao mmoja hupimwa uzito kila juma, na uzito ukikoma kushuka, ubao umepatana na hewa ya mahali pale. Mbao za unene wa sentimita 2.5 huhitaji miezi, si siku.

Lakini kupatana na hewa si kukauka kabisa. Hewa yenye unyevu wa 80 kwa mia, kama ilivyo mara nyingi kando ya ziwa, huuacha ubao na maji kiasi cha 16 kwa mia, na kwa mtumbwi hicho ni kiasi kizuri. Ubao mkavu mno ukitiwa majini huvimba na kusukumana na wenzake. Ubao mbichi hunywea kila mtumbwi uvutwapo pwani. Hata mtumbwi ulioundwa vema, ukikaa juani majuma mengi, viungo vyake hulegea, nao hujazwa maji siku moja au mbili kabla ya safari ili mbao zivimbe na kufunga tena.