Fahamu: Jinsi ya kumtambua muuzaji feki wa Instagram

Ukurasa una wafuasi elfu themanini na unauza simu kwa nusu ya bei ya dukani. Muuzaji anataka alipwe kwanza, ndipo atume mzigo kwa basi. Ni mtego wa kawaida, na dalili zake huonekana mapema.

Gusa nukta tatu juu ya ukurasa, kisha "About this account". Hapo Instagram huonyesha mwezi na mwaka akaunti ilipofunguliwa na, mara nyingi, ilibadilishwa jina mara ngapi. Duka la simu lililobadili jina mara kadhaa huenda ni akaunti iliyonunuliwa au kudukuliwa pamoja na wafuasi wake. Maoni yaliyofungwa ni dalili nyingine: waliotapeliwa hawana pa kuwaonya wenzao.

Baadaye huja malipo kwa simu. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la mpokeaji. Likiwa la mtu binafsi asiyehusiana na duka, sitisha.

Aliyekwisha kutuma apige simu mara moja kwa mtandao wake, kwani fedha zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni vigumu mno. Nchini Tanzania, namba ya tapeli hutumwa kwa ujumbe kwenda 15040.