Tundu la Mbele Liko Kimya, la Nyuma Linaimba

Hedifoni zikichomekwa nyuma ya kompyuta, muziki unasikika. Zikihamishiwa mbele, kimya. Wengi huanza kulaumu hedifoni, ingawa tundu la nyuma limeshazitetea.

Matundu ya nyuma yamelehemiwa kwenye ubao mama wenyewe. Lile la mbele liko kwenye kasha, na hutegemea waya mwembamba unaoishia kwenye plagi ndogo. Plagi hiyo huchomekwa kwenye pini 9 za ubao, zilizoandikwa F_AUDIO, AAFP au JAUD1 kutegemea mtengenezaji. Fundi akisahau kuichomeka baada ya kusafisha vumbi, sauti haina njia. Asiichanganye na pini za USB zinazofanana nazo: hizo zina umeme wa volti 5.

Kisa kigumu zaidi ni cha kasha la zamani lililowekewa ubao mpya. Katika mfumo wa HD Audio, tundu lina swichi ndogo inayoujulisha ubao kwamba kitu kimechomekwa. Makasha ya enzi za AC'97 hayana swichi hiyo. Plagi inaingia vizuri, lakini ubao haupati taarifa, kwa hiyo haupeleki sauti mbele.

Kipimo chake ni rahisi. Kwenye programu ya Realtek, kama chaguo hili lipo, liwekewe alama:

```
Disable front panel jack detection
```

Sauti ikitoka, kosa lilikuwa kwenye utambuzi. Ikiendelea kukosekana, kasha lifunguliwe, waya ukaguliwe.