Mistari ya Mwisho ya Ripoti ya Eksirei ya Kifua

Mgonjwa aliyepigwa eksirei ya kifua huondoka na vitu viwili: picha na karatasi ya ripoti. Picha ndiyo ndugu wanayoinua dirishani na kuikodolea macho. Tiba, hata hivyo, hufuata karatasi, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni huanza kuisoma chini, kwenye mistari michache iliyo juu ya sahihi. Hapo ndipo mtaalamu wa radiolojia anaposema anadhani ni nini na kifanyike nini.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamume wa miaka 56, mvutaji sigara wa miaka mingi, amekohoa kwa wiki tatu na sasa ana homa. Daktari anamwandikia eksirei. Ripoti iliyoandikwa vizuri, tukiiweka kwa Kiswahili, ingesomeka hivi:

Maelezo ya mgonjwa: Miaka 56, mvuta sigara. Kikohozi wiki tatu, homa siku nne. Je, ni nimonia au TB?

Picha: Kifua, PA, amesimama. Amevuta pumzi ya kutosha. Hakuna picha ya zamani ya kulinganisha.

Yaliyoonekana: Kuna kivuli kizito katika sehemu ya juu ya pafu la kulia, bila shimo ndani yake. Pafu la kushoto ni safi. Moyo una ukubwa wa kawaida. Pembe za chini za mapafu ziko wazi, hakuna maji. Mifupa haina kasoro inayoonekana.

Hitimisho: Kivuli sehemu ya juu ya pafu la kulia. Kwa homa hii, nimonia ndiyo inayoelekea zaidi. TB inawezekana. Uvimbe uliojificha nyuma ya nimonia hauwezi kuondolewa kwa picha hii.

Ushauri: Makohozi yapimwe TB sasa. Eksirei irudiwe wiki sita baada ya kuanza tiba. Kivuli kisipoisha, afanyiwe siti skani ya kifua.

Kila sehemu ya juu ipo ili kuipa nguvu sehemu ya chini. Swali la daktari linaandikwa kwanza kwa sababu hitimisho ni jibu, na jibu lisilojua swali hubaki la kubahatisha. Fomu iliyoandikwa “kikohozi” tu, bila umri, sigara wala muda, humpokonya msomaji wa picha nusu ya ushahidi.

Herufi PA nazo zina kazi. Zinaeleza kwamba mionzi ilipita kutoka mgongoni kwenda kifuani, na hapo upana wa moyo wa mtu mzima kwa kawaida hauzidi nusu ya upana wa kifua. Mgonjwa aliyelala kitandani hupigwa kwa njia ya AP, kutoka mbele kwenda nyuma, na moyo wake huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Asipovuta pumzi vizuri, mapafu husongamana chini na kufanana na yenye ugonjwa. Ripoti isiyotaja mambo haya inaweza kumpa mtu moyo mkubwa wa karatasi.

Picha ya zamani, ikiwapo, ina thamani kubwa zaidi. Kivuli kidogo kilichokuwapo miaka mitatu iliyopita bila kubadilika pengine ni kovu. Kikiwa kipya, kinataka kufuatiliwa. Ndiyo maana picha za zamani hazifai kutupwa.

Tofauti ya “yaliyoonekana” na “hitimisho” ndiyo inayopotea mara nyingi. Ya kwanza inaeleza jicho limeona nini. Ya pili inasema maana yake. Ripoti dhaifu ya mgonjwa wetu ingeishia hivi: “Kivuli pafu la kulia. Linganisha na hali ya mgonjwa.” Hakuna uongo hapo, lakini daktari amerudishiwa swali lake mwenyewe. Hitimisho zuri hupanga magonjwa yanayodhaniwa, lenye uwezekano mkubwa likitangulia, na kusema wazi kiasi cha uhakika. Lina mpaka pia: eksirei peke yake haithibitishi TB, makohozi ndiyo yanayothibitisha. Vivyo hivyo, picha isiyo na kasoro haimtoi mtu kabisa kwenye hatari ya saratani ya mapafu, maana uvimbe mdogo unaweza kufichwa na moyo, na mwingine ukafunikwa na mfupa wa mtulinga.

Kosa jingine ni la usahaulifu. Mwandishi anataja katikati ya maelezo kijivimbe cha sentimita moja kwenye pafu la kushoto, kisha hitimisho linazungumzia nimonia ya kulia tu. Daktari aliyesoma mistari ya chini hatajua kama kijivimbe kipo. Kila kinachohitaji hatua lazima kishuke hadi kwenye hitimisho.

Sasa zile wiki sita. Uvimbe unaweza kuziba njia ya hewa, na sehemu ya pafu iliyo mbele yake ikapata maambukizi. Dawa za kuua bakteria hushusha homa, mgonjwa akapata nafuu, ilhali uvimbe uko palepale. Picha ikirudiwa baada ya siku kumi, haisaidii sana, kwa kuwa kivuli cha nimonia huchelewa kuisha hata kwa aliyekwisha pona, hasa mzee au mvuta sigara. Baada ya wiki sita hivi, nimonia ya kawaida mara nyingi imeondoka, na kivuli kilichogoma kuondoka kinatia shaka.

Ushauri huo haumfai kila mtu. Kijana asiyevuta sigara, aliyepona nimonia upesi, kwa kawaida hahitaji picha ya pili. Siti skani nayo ina gharama yake, na mionzi yake kwa kawaida ni makumi ya mara ya ile ya eksirei moja ya kifua. Kwa hiyo ushauri mzuri hutaja kipimo, muda, na hatua itakayofuata iwapo jibu litakuwa baya. “Rudia baadaye” haina hata kimoja kati ya hivyo viwili vya mwisho.

Yapo pia mambo yasiyongoja karatasi. Hewa iliyovuja nje ya pafu na kuanza kusukuma moyo upande wa pili inaweza kuua kwa muda mfupi. Hapo mtaalamu hupiga simu kwa daktari mara moja, kisha huandika katika ripoti aliongea na nani na saa ngapi.

Ukipewa ripoti yako, tafuta hitimisho, kisha muulize daktari maswali matatu: tatizo linaloelekea zaidi ni lipi, kuna kipimo cha kurudia, na ni tarehe gani. Tarehe hiyo iandike, na siku ya kurudi beba picha ya kwanza. Nenda hata kama kikohozi kimekwisha, kwa sababu uvimbe uliojificha nyuma ya nimonia hautoki na homa.