Duka la Darasani: Kumfundisha Mtoto Kurudisha Chenji

Mtoto anayetumwa dukani hurudi na chenji ambayo mara nyingi hawezi kuithibitisha. Anajua kutoa kwenye daftari, lakini mbele ya muuzaji hana daftari. Igizo la duka darasani humpatia njia nyingine: kuhesabu kwa kupanda.

Kwanza mwalimu huandaa sarafu za kuigiza za shilingi 50, 100, 200 na 500. Karatasi huwekwa juu ya sarafu halisi na kusuguliwa kwa penseli hadi alama zake zitokee, kisha hukatwa na kubandikwa kwenye boksi gumu. Noti ya shilingi 1,000 huchorwa.

Kabla ya kufungua duka, mwalimu apange sarafu 9 za shilingi 50 kando ya sarafu moja ya shilingi 500, na kuuliza upande upi una fedha nyingi. Mtoto anayechagua zile 9 anahesabu vipande, si thamani. Huyo abadilishane kwanza: 50 mbili kwa 100 moja, 100 mbili kwa 200 moja, hadi aone kwamba 500 moja inahitaji 50 kumi.

Sasa duka lifunguliwe kwa pakiti tupu zenye bei, akiwepo muuzaji, mnunuzi na mkaguzi. Tuseme sabuni ni shilingi 650, na mnunuzi ametoa 1,000. Muuzaji hutamka bei, “mia sita na hamsini,” mkono wake ukiwa bado mtupu. Kisha huweka 50 mezani na kusema “mia saba”, huweka 100, “mia nane”, huweka 200, “elfu moja.” Hapo hukoma. Sarafu zilizo mezani ndizo chenji: shilingi 350.

Makosa mawili hujitokeza mara kwa mara. La kwanza ni kuweka sarafu ya kwanza wakati wa kutamka bei; hapo 50 moja huzidi, na chenji huwa 400. La pili ni la mtoto anayetoa kichwani na kupata 450, kwa kuwa amesahau kwamba mia moja tayari imevunjwa ili kupata ile hamsini. Mkaguzi huyagundua yote mawili kwa kujumlisha bei na chenji: 650 na 400 ni 1,050, 650 na 450 ni 1,100. Jibu lisipolingana na fedha iliyotolewa, hesabu irudiwe.

Katika makosa yote mawili aliyepata hasara ni muuzaji, wala mnunuzi hakulalamika. Kwa hiyo watoto wabadilishane nafasi, na mnunuzi naye azoezwe kuhesabu chenji yake kabla ya kuondoka, arudishe iliyozidi kama vile angedai iliyopungua.