Kilele cha Uhuru Kinapohamia Uhispania

Vitabu vingi huandika mahali kilipo Kilele cha Uhuru, juu ya Mlima Kilimanjaro, hivi: 3°04′33″S, 37°21′12″E. Yaani digrii 3, dakika 4 na sekunde 33 kusini mwa ikweta, kisha digrii 37, dakika 21 na sekunde 12 mashariki ya Griniwichi. Msomaji anaelewa. Programu za ramani, kwa kawaida, zinataka namba moja tu kwa latitudo na nyingine moja kwa longitudo, kila moja katika safu yake.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60, kama ilivyo kwenye saa. Kwa hiyo dakika hugawanywa kwa 60 na sekunde kwa 3600, halafu vyote hujumlishwa na digrii. Kwa Kilele cha Uhuru, 4 kwa 60 ni 0.066667, na 33 kwa 3600 ni 0.009167. Ukijumlisha na 3 unapata 3.075833. Kwa kuwa kilele kiko kusini, namba hiyo hupewa alama ya kutoa: -3.075833. Longitudo inakuwa 37.353333, bila alama, kwa sababu mashariki ni chanya.

Anayepuuza alama hiyo ya kutoa hatapata onyo lolote kwenye skrini. Nukta itatua ng'ambo ya ikweta, katika eneo la jangwa la Chalbi, kaunti ya Marsabit. Akiweka alama lakini akabadilishana safu, latitudo ikakaa mahali pa longitudo, Kilimanjaro itahamia kusini mwa Uhispania, karibu na mji wa Guadix mkoani Granada. Makosa haya mawili angalau yanaonekana kwa macho ramani inapofunguka.

Kosa baya zaidi ni lile linalosogeza nukta kidogo tu. Mtu mwenye haraka huona 3°04′33″ akaandika 3.0433, na kilele kinasogea kaskazini kilomita 3 na nusu hivi, kikibaki mlimani palepale. Nani atashuku? Dalili hujitokeza safu ikiwa ndefu. Dakika hazifiki 60, kwa hiyo kama katika mamia ya mistari tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta haziwi kamwe 60 au zaidi, hizo si desimali. Ni dakika zilizovalishwa nguo za desimali. Kuna pia vifaa vya GPS vinavyoonyesha 3°04.550′, ambapo .550 ni sehemu ya dakika, si sekunde 550. Hapo 4.550 hugawanywa kwa 60 nzima nzima, na jibu ni lilelile la mwanzo.

Katika Excel, njia salama ni kutenga safu nne: A ya digrii, B ya dakika, C ya sekunde na D ya herufi ya upande. Fomula huwa hivi:

```
=IF(OR(D2="S",D2="W"),-1,1)*(A2+B2/60+C2/3600)
```

Alama ya kutoa inakuja mwisho, juu ya jumla yote. Aliyeandika -3 kwenye safu ya digrii kisha akajumlisha dakika na sekunde atapata -2.924167, takriban kilomita 17 kaskazini mwa kilele. Na Kisumu inaonyesha kwa nini herufi inahitaji safu yake. Mji huo uko 0°06′S, na Excel haijui sifuri yenye alama ya kutoa: ukiandika -0, inabaki 0. Bila herufi S, Kisumu itakuwa 0.1 badala ya -0.1, na itaruka ikweta kwa umbali wa kilomita 22 hivi.

Desimali nyingi hazimaanishi usahihi zaidi. Sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31 ardhini, kwa hiyo kipimo kilichoandikwa kwa sekunde kamili hakiboreki kwa kukipa tarakimu 10 baada ya nukta. Tano zinatosha kabisa, kwani ya tano ni kama mita moja.

Jedwali likiingizwa QGIS, longitudo huenda kwenye X na latitudo kwenye Y, kinyume na mpangilio wa vitabu. Huko ndiko Uhispania hutokea mara nyingi. Na kama namba zimesomwa kwenye ramani za zamani za Kenya, Uganda au Tanzania zilizochorwa kwa mfumo wa Arc 1960, hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa na nukta bado ikakosea kwa karibu mita 300. Hapo fomula haisaidii kitu. Safu huingizwa kwa EPSG:4210, kisha programu yenyewe huihamishia EPSG:4326.