Kanzu Nyeupe, Ukuta Mweupe: Stika Hukatwa Wapi?

Siku ya Idi, simu za Mombasa hujaa stika, na zinazopendwa zaidi ni zile ambazo watu wamezikata wenyewe kutoka picha za nyumbani: babu na kanzu yake, mjukuu kando yake, na nyuma yao hakuna kitu. Lakini ziangalie kwa karibu. Mara nyingi bega la babu limeliwa, au kofia imezungukwa na mstari mchafu. Kasoro zote mbili huanzia mahali aliposimama babu alipopigwa picha.

Programu ya simu inayomkata mtu kutoka pichani haimjui babu. Imefunzwa kwa picha nyingi kukisia kila pikseli ni ya mtu au ya nyuma yake, na hutegemea sana umbo na mabadiliko ya rangi. Msimamishe babu Ndia Kuu, Mji wa Kale, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Rangi ya kanzu na ya chokaa zinakaribiana mno, basi programu hubahatisha, na begani hukosea. Msogeze hatua chache hadi kwenye mlango wa nakshi wa mbao nyeusi, na mpaka wa kanzu unajitokeza wenyewe. Kwa bibi mwenye buibui ni kinyume chake: ukuta wa chokaa ndio unaomfaa. Mwanga wa vichochoro hivyo nao ni msaada mkubwa, kwa kuwa jua hugonga kuta na kurudi likiwa laini, bila kivuli kikali cha kuihadaa programu.

Mlango mweusi lakini huleta tatizo la pili. Pikseli ya picha ya kawaida ina namba tatu za rangi, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Stika huongeza ya nne, iitwayo alfa, inayosema pikseli inaziba kiasi gani. Wazo hili lilizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, mikononi mwa Ed Catmull na Alvy Ray Smith. Uzuri wake ni kwamba linakubali nusu, jambo ambalo mkasi hauliwezi.

Nusu hiyo inahitajika ukingoni. Tuchukue mwangaza peke yake: kofia ni 240, mlango ni 40. Pikseli ya mpakani, iliyobeba nusu ya kila kimoja, kamera imeiandika 140. Ukiiacha izibe kabisa, kwenye gumzo lenye mandhari ya 230 utaona uzi wa kijivu ukiizunguka kofia. Ukiipa alfa ya nusu tu, itaonekana 185: bora kidogo, ila weusi wa mlango bado umo ndani yake. Dawa ni kuirudishia rangi halisi ya kofia, 240, kisha ndipo uipe alfa ya nusu. Sasa itaonekana 235, na uzi umetoweka. Programu nzuri hulifanya hili zenyewe. Kama yako hailifanyi, punguza mkato kwa pikseli moja au mbili kuingia ndani ya kofia, ulainishe ukingo kidogo. Utapoteza uzi mwembamba wa kofia, na hakuna atakayeukosa.

Kuna na suala la ukubwa. WhatsApp hutaka stika ya pikseli 512 kwa 512, faili aina ya WebP, isiyozidi kilobaiti 100 ikiwa haitembei, na hushauri uache pikseli 16 tupu pembeni. Zinabaki 480. Mtu mzima aliyesimama ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, kwa hiyo kichwa cha babu kitapata pikseli 64. Kofia iliyotobolewa na kudariziwa kwa mkono, kazi ya miezi, itageuka doa jeupe. Mkate kuanzia kifuani kwenda juu, kichwa kichukue nusu ya picha, na baadhi ya vile vitobo vitaonekana. Mimi nachagua hivyo kila mara. Kanzu zote za Idi hufanana, lakini kofia humtambulisha mwenyewe.

Kabla ya kuituma, itazame stika kwenye mandhari meupe, kisha uwashe mandhari meusi ya WhatsApp. Weusi wa mlango ulionata hujificha kwenye giza na kujitokeza penye mwanga. Weupe wa chokaa hufanya kinyume. Ukitazama upande mmoja tu, mwenzako mwenye mpangilio tofauti ndiye atakayeona kasoro.

Na ukitaka kumpa mtu faili yenyewe aihariri, usiitume kama picha. Njiani hugeuzwa kuwa JPEG, aina isiyo na nafasi ya alfa, na babu atafika akiwa ndani ya mraba mweupe au mweusi. Itume kama hati. Ikifunguka bila ule mraba, alfa imefika salama.