Umiliki wa biashara ndogo nchini Tanzania

Mfanyabiashara mdogo nchini Tanzania anaweza kumiliki biashara peke yake, kuingia ubia na wengine, au kusajili kampuni yenye ukomo wa dhima. Tofauti kubwa ni swali moja: deni likishindikana kulipwa, nani atalipa?

Mmiliki binafsi na wabia husajili jina la biashara katika Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Wengi hudhani cheti hicho kinatenganisha mali ya duka na ya nyumbani. Sivyo. Jina ni jina tu, na mdaiwa ni mwenye jina mwenyewe. Kampuni, inayosajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, ni mtu kisheria: hukopa, hudaiwa na hushtakiwa kwa jina lake.

Chukua mfano wa duka la vipuri vya makarasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) mjini Katoro, mkoani Geita. Wabia wawili walitoa mtaji wa shilingi milioni 6 na milioni 4, bila mkataba wa maandishi. Wakachukua kwa mkopo bidhaa za milioni 18 kutoka kwa muuzaji wa jumla wa Mwanza, nao wakazikopesha kwa wenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo. Maduara yakajaa maji, fedha hazikurudi, na dukani ikabaki mali ya milioni 5 tu. Pengo ni milioni 13.

Katika ubia, muuzaji anaweza kudai milioni 13 zote kwa mbia mmoja, tuseme yule wa mtaji wa milioni 4 kwa sababu ana nyumba. Huyo ndiye atakayemfuata mwenzake kwa sehemu yake ya hasara. Sheria ya Mikataba, isipokuwapo makubaliano mengine, hugawa faida na hasara sawasawa hata kama mitaji haikuwa sawa. Kwa kawaida pia kifo cha mbia huvunja ubia. Ndiyo sababu mkataba wa maandishi una thamani kuliko cheti cha jina.

Lingekuwa kampuni, muuzaji angeishia kwenye zile milioni 5, na wanahisa wangepoteza mtaji wao tu.

Kinga hiyo ina gharama. Kampuni hupeleka taarifa BRELA kila mwaka, hesabu zake za kodi huthibitishwa na mhasibu mwenye cheti, na kwa kawaida hulipa asilimia 30 ya faida. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka anaweza kutozwa kodi ya makadirio kwa kufuata mauzo. Kwa duka la rejareja la Shinyanga linalouza kwa taslimu, kampuni mara nyingi ni mzigo. Anayetaka kuuzia migodi mikubwa yuko katika hali nyingine, kwani kanuni za mwaka 2018 za ushiriki wa Watanzania katika madini huipa kipaumbele kampuni ya Kitanzania.

Hata hivyo, benki inayokopesha kampuni changa mara nyingi humtaka mkurugenzi asaini dhamana binafsi. Akisaini, kwa deni hilo nyumba yake iko hatarini kama ya mbia wa Katoro.